Miezi Kumi na Minane ya Fundi

Wanafunzi wa chuo cha urubani walimwita karani wao wa mitihani Bi Tarehe, naye alijitia kulichukia jina hilo huku moyoni likimtekenya. Alikuwa amelistahili. Mtihani wa nadharia una karatasi kumi na tatu, na kila moja mtu aipite kwa alama sabini na tano kwa mia, zote ndani ya miezi kumi na minane. Karatasi moja haifanywi zaidi ya mara nne. Ukivuka mpaka wowote kati ya hiyo, hata zile ulizopita zinafutwa, unarudi darasani na kuanza upya kama mtu aliyeingia jana. Walimu walijua mawingu na injini. Kuhesabu siku walimwachia yeye, na kwa miaka sita hakuna aliyemlalamikia.

Asubuhi hiyo ya Jumatano, mwezi wa kumi na moja, alikuwa akiandika barua ya Fundi. Huyu alikuwa fundi wa ndege, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, anayesoma baada ya kazi huku mikono yake ikinuka mafuta. Karatasi kumi na mbili alikwishazipita. Iliyobaki ni hali ya hewa, ambayo ilikuwa imemtoa jasho na kumwangusha mara mbili, na wakapanga airudie mwezi wa kwanza. Barua ilikuwa ya kumwombea likizo kazini ili ajisomee kwa utulivu. Mwajiri alitaka kujua amefanya mara ngapi, kwa hiyo Bi Tarehe akafungua droo ya chini.

Hapo pana jambo la kueleza. Mafaili ya wanafunzi hukaa wazi mezani, na kila apitaye huchungulia. Bi Tarehe, kwa huruma yake, hakupenda mtu achekwe kwa kuanguka. Basi majibu mabaya aliyafungia droo ya chini, na kwenye kadi ya mwanafunzi akaandika yale ya kupita tu. Kadi zikapendeza. Hakuna aliyeona aibu.

Akatoa karatasi ya kwanza ya Fundi. Hali ya hewa, alama sitini na moja, mwezi wa tano mwaka jana.

Akaitazama kadi. Mstari wa kwanza ulisema mwezi wa saba.

Miezi kumi na minane huanza kuhesabiwa mwisho wa mwezi ule mtu alipofanya karatasi yake ya kwanza kabisa, awe amepita au ameanguka. Kanuni hiyo aliijua kama jina lake. Lakini tarehe alikuwa akiisoma kwenye kadi, na kadi haikuujua mwezi wa tano. Fundi hakuwa na mpaka mwezi wa kwanza. Alikuwa na mpaka mwisho wa mwezi huu, siku kumi na moja tu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini. Kikao cha mwisho cha mtihani mwezi huo kilikuwa Jumatano inayofuata, na usajili wake ulifungwa saa nne kamili asubuhi hiyo. Akaingia kwenye tovuti ya Mamlaka ya anga, wasimamizi wa mitihani. Duara likazunguka. Likazunguka tena, bila haya. Chumba cha mtihani kina kompyuta kumi na sita, na ukurasa ulipofunguka ulionyesha nafasi moja. Akaandika namba ya pasi ya kusafiria ya Fundi, akakosea tarakimu, akafuta, akaandika tena. Saa tatu na dakika hamsini na sita nafasi ile ikawa ya Fundi.

Ndipo akampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mtihani wako umesogezwa. Ni Jumatano ijayo."

Kwa upande wa pili nyundo iligonga chuma, kisha ikanyamaza.

"Umesogezwa na nani?"

Bi Tarehe alikuwa na ukweli mdomoni. Akaumeza.

"Na Mamlaka."

"Mimi sijawa tayari, mama. Pepo za juu bado zinanichanganya. Nikianguka hii, ya nne naifanya lini?"

"Haki ya mara ya nne unayo, ila siku huna. Mwezi ukiisha, umeisha na zote kumi na mbili."

"Haya," Fundi akasema. "Nitaanza leo."

Wiki ile Bi Tarehe hakula akashiba. Kila alipomwona Fundi kwenye kona ya maktaba, macho mekundu, kalamu nyuma ya sikio, alijiambia atamweleza akishamaliza, asimvuruge akili. Ilikuwa sababu nzuri, na aliijua kuwa ni woga.

Siku ya mtihani alimfuata hadi kwenye jengo la Mamlaka. Wakafika nusu saa kabla, maana ukichelewa mlango haufunguliwi na jaribio linahesabiwa. Afisa akaikagua pasi, akakigeuza kikokotozi kutazama kama si cha kuhifadhi maandishi, akachukua simu na saa ya mkononi. Fundi akaingia bila kugeuka. Maswali themanini na manne, saa mbili na dakika tano. Bi Tarehe alikaa kwenye benchi la ukumbini, roho mkononi, akisoma tangazo moja la kuzima moto mpaka akalikariri.

Alipotoka, uso ulikuwa umemsawijika.

"Sijui," alisema tu. "Kweli sijui."

Majibu yakaingia kesho yake mchana. Bi Tarehe aliufungua ukurasa kwa jicho moja. Sabini na sita. Akalia pale pale, kwa sauti, na hakujali nani anachungulia.

Fundi alikuja mbio na ovaroli yake. Bi Tarehe akajikaza kufanya kazi yake.

"Sasa sikiliza. Tangu jana una miezi thelathini na sita ya kupata leseni ya urubani wa biashara na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya vipimo. Ikipita hujapata, nadharia hii inakufa."

"Nimesikia, mama. Bila wewe ningezama. Mke wangu ameniambia nikuletee shukrani, na mimi sijui hata niseme nini."

Kama angetukanwa, angepumua. Lakini shukrani ile ilimkata maini.

"Mamlaka haikusogeza kitu," akasema. "Ni mimi. Nilihesabu kutoka kwenye kadi." Akamweleza yote, droo, mwezi wa tano, duara lile la tovuti.

Fundi akavuta kiti akaketi. Hakupandisha sauti. Ni mtu aliyezoea kwamba kasoro ikionekana kwenye ndege moja, hukaguliwa zote za aina ile.

"Wengine je?" akauliza. "Walioanza kwa kuanguka, kama mimi. Umewahesabu vipi?"

Bi Tarehe hakuwa amewafikiria. Wiki nzima alimfikiria Fundi, na pengine nafsi yake zaidi. Akaifungua droo. Kati ya wanafunzi waliosajiliwa, ukimtoa Fundi, wawili tu walianguka karatasi yao ya kwanza kabisa. Wa kwanza ana nafasi mpaka mwaka ujao. Wa pili ni binti mmoja mpole, amepita kumi na mbili, na ya mwisho alikuwa amemwekea mwezi wa kumi na mbili.

Alianguka mara ya kwanza mwezi wa nne mwaka jana.

Wakahesabu kwa vidole, wote wawili, kisha wakarudia. Muda wake uliisha mwisho wa mwezi wa kumi.

Kupitia ukutani walimsikia mwalimu akiuliza swali, na binti yule akijibu haraka, kwa uhakika, na darasa likicheka naye.

"Kamwambie," Fundi alisema. "Na usiitaje Mamlaka."

Bi Tarehe akachukua kadi na ile karatasi ya mwezi wa nne, akatoka, akagonga mlango wa darasa.