Pinioni ya Ba Nkandu

Kwa miaka kumi na tisa ghalani kwangu mgodini Kitwe, Zambia, kulilala gia ya tani nne iitwayo pinioni. Pinioni ndiyo inayozungusha kinu kikubwa cha kusagia mawe ya shaba. Moja ilikuwa kinuni, nyingine ilikuwa kwangu, imepakwa grisi na kufungwa turubai. Kila tarehe kumi na tano mimi na Ba Chipasha, yaani Mzee Chipasha, fundi mkuu wa kinu, tuliigeuza robo mzunguko ili shafti yake isipinde kwa uzito wake yenyewe. Niliipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Ndipo akaletwa meneja mpya wa fedha, Bwana Simukoko, na amri yake: kitu ambacho hakijatoka ghalani kwa miaka mitatu kiuzwe chuma chakavu. Nilimweleza kwamba pinioni haiuzwi dukani. Inatengenezwa ng'ambo kwa kuagizwa, na kuipata ni miezi kumi na moja. Ikivunjika ya kinuni bila ya akiba, mgodi mzima utakaa kutazamana.

"Imetumika mara ngapi, Ba Nkandu?" akauliza.

"Hata mara moja."

"Basi haihitajiki."

"Na ule mtungi wa kuzimia moto ofisini kwako, bwana, umezima moto mara ngapi?"

Aliuangalia, akaandika kitu. Kesho yake mtungi nao ulikuwa kwenye orodha ya kuuzwa.

Nilikasirika mpaka nshima, ugali wetu, ya mchana ikanishinda. Chipasha ndiye aliyepata dawa: kama ni kutoka wanachotaka, itoke. Basi kila tarehe kumi na tano, baada ya kuigeuza, alisaini fomu ya kuichukua, foklifti kubwa ikaizungusha uwanjani, ikarudi kabla ya chai. Fomu ya kurudisha sikuigusa, maana ingefuta ile ya kutoka. Badala yake, kila gia iliporudi niliiingiza kwenye kompyuta kama pinioni mpya iliyopokelewa. Nilijiona mjanja sana.

Baada ya mwaka Simukoko akaja ghalani anacheka peke yake. Kompyuta, akasema, imegundua kwamba mgodi unamaliza pinioni moja kila mwezi. Kwa kuwa mzigo unachukua miezi kumi na moja kufika, lazima ziwepo kumi na moja, na mbili za tahadhari. Imeandaa agizo la pinioni kumi na tatu, naye ameshasaini. Akanisifu kwa kutunza kitu kinachotembea namna ile.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kila kitu, asubuhi nikaenda kukiri. Simukoko alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango.

"Ukisema hivyo, mama mwenye mgodi, kule ofisi kuu, atauliza nani alisaini," akasema kwa sauti ya chini. "Hatuwezi kuwa na makaratasi ya uongo. Kwa hiyo yawe ya kweli. Chipasha atabadilisha pinioni kinuni kila mwezi."

Chipasha alimwambia kwamba gia inayofanya kazi haiguswi, meno yake yameshazoeana na ya gia kubwa, kuyatenganisha ni kuyaharibu. Akajibiwa kwamba huo ni ufundi, na hapa tunazungumzia makaratasi. Basi kinu kikasimamishwa siku tatu, kikiwa kizima, ili kiugue kama kompyuta inavyotaka.

Walipoifungua pinioni ya kinuni na kuisafisha grisi, Chipasha aliniita. Kwenye mzizi wa jino moja palikuwa na ufa mrefu kama kiganja changu. Ilikuwa imebaki miezi, pengine wiki, jino likatike na kuyavunja ya gia kubwa. Wakaifunga pinioni yangu, kinu kikazunguka, na ofisi kuu ikamwandikia Simukoko barua ya pongezi kwa kuona mbali.

Niliporudi ghalani nilikuta magogo matupu yaliyokuwa yanaibeba. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni Simukoko akaniletea fomu ya kufuta agizo lote. Ile iliyopasuka kinuni imedumu miaka kumi na tisa, akasema. Tutaagiza nyingine mwaka wa kumi na nane. Fomu ilihitaji jina la mtunza ghala na idadi. Nikaandika kumi na mbili, nikasaini.

"Ni kumi na tatu," akasema.

"Ya kumi na tatu ifute wewe, bwana, kwa jina lako. Kinu kikisimama bila ya akiba, watajua wa kumuuliza."

Alitoa kalamu. Kisha akairudisha mfukoni, akaondoka na fomu.

Hiyo moja itafika baada ya miezi kumi na moja. Mpaka hapo, kila tarehe kumi na tano, Chipasha na mimi tunakwenda kusikiliza kinu, na kila mwezi kompyuta inaniuliza kwa nini pinioni haijatoka.