Kabati Tupu la Ijumaa

Mama mkwe wangu mlangoni hupiga hodi vizuri tu. Kwenye kabati langu la jikoni hapigi. Hulifungua kana kwamba alilizaa yeye.

Ijumaa hiyo alilifungua, akapiga yowe mpaka jirani akazima redio.

"Uuuwi! Mwanangu anakufa njaa!"

Ndani kulikuwa na mchele kidogo, nyanya mbili, kitunguu na mayai matatu. Mimi nilikuwa nimelitazama kabati hilo asubuhi nikajipongeza. Mume wangu, fundi viatu, mtaani wanamwita Bwana Fungu, kwa sababu hawezi kulipita fungu la kitu chochote sokoni bila kulibeba. Nyumbani tuna nyanya, yeye analeta nyanya. Tuna kabichi, analeta kabichi mbili zikailiwaze ile ya kwanza. Siku niliyomwaga ndoo nzima ya nyanya zilizooza, nilisema basi, yamenifika hapa.

Tangu hapo, Jumamosi hakuna anayegusa kikapu kabla ya kabati kufunguliwa. Tunaangalia kilichobaki, na hicho ndicho kitapikwa kwanza. Tunapanga wiki: siku gani tunakula nini, nani yupo, nani hayupo. Kinachopungua ndicho kinachonunuliwa, basi. Ikifika Ijumaa kabati likiwa jeupe, ujue mambo yamekwenda sawa.

Nikamweleza mama mkwe yote hayo. Ni kama nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

"Mtazame alivyokonda!" akasema.

Tukamtazama. Kitambi cha mume wangu kilikuwa kimetulia juu ya meza.

"Huo ni uvimbe wa njaa," akasema mama. "Baba, fungasha nguo zako. Unarudi kwangu. Kwangu kabati halijawahi kuwa tupu tangu niolewe."

Nilingoja mume wangu acheke. Hakucheka. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko wenye mashati mawili, macho chini, na mimi namjua, alikuwa anawaza mapishi ya mama yake. Moyo ulinipasuka. Nikaona hivihivi naachwa kwa sababu ya mayai matatu!

"Sawa, mama," nikasema, hasira zimenijaa mpaka masikioni. "Ila nyumba hii hainunui wala haihami kabla ya kukagua kabati. Twende tukakague la kwako."

Kwake ni mtaa wa pili. Mume wangu akatangulia na mfuko wake, akafungua kabati la mama yake, na pakiti ya tambi ikamwangukia utosini.

Yalaa! Lilijaa mpaka milango ilikuwa imefungwa kwa kamba. Unga mpya mbele, wa zamani nyuma, wa zamani zaidi nyuma ya huo. Viazi vimeota machipukizi marefu, mkate umeshika ukungu.

"Mama," nikasema, "huu unga unatembea."

"Ni upepo."

"Upepo una miguu?"

Mume wangu aliwatazama wadudu wakipanda ukingo wa pakiti kwa foleni. Polepole akauchukua mfuko wake wa mashati, akaukumbatia. Mimi nilikuwa tayari nimeshapanga maneno, tena makali, ya kumtosha mama mkwe mwaka mzima.

Ndipo mama akaketi kwenye kiti.

"Nilikuwa nalisha watu saba," akasema. "Baba yenu akafa, nyinyi mkaondoka mmoja mmoja. Nikifika sokoni mkono unanunulia saba. Nikinunua vya mtu mmoja, naona kama nimekubali kwamba hakuna atakayerudi."

Nikayameza maneno yangu yote. Yalikuwa machungu kuliko nilivyodhani.

Tulitoa unga wenye wadudu, mkate na viazi vile. Maharage na mchele wake vilikuwa vizima, tukavisogeza mbele. Jumamosi tukakagua makabati mawili, tukapanga wiki moja ya watu watatu: katikati ya wiki mama anakula kwetu, Jumapili sisi tunakula kwake. Maharage hatukununua hata punje. Sokoni Bwana Fungu alisimama mbele ya lundo la nyanya akihema, mama yake akamshika sikio.

"Tunazo," akamwambia. "Pita."

Ijumaa iliyofuata alikuja kwetu. Hodi mlangoni, kabatini hakuna hodi. Akafungua, akachungulia ndani. Lilikuwa limebaki yai moja.

Nikashika kiuno, nikisubiri yowe.

"Hili la nani?" akauliza.

"La kwako, mama. Tulikuhesabu."

Alilikaanga mwenyewe, akalila lote taratibu, hakumwonjesha hata mwanawe. Kisha akaenda kulitazama tena lile kabati, akalifunga vizuri.

"Sasa ni tupu," akasema. "Kesho msiende sokoni bila mimi."