Mapigo Sitini na Moja

Skaistė alipopata ufa kwenye ubavu, daktari alimkataza kushika kasia kwa wiki sita. Kabla ya hapo, kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, moyo wake ulikuwa ukipiga mara arobaini na sita kwa dakika. Siku ya kurudi kambini Trakai, kando ya ziwa, alihesabu hamsini na nane. Akarudia kuhesabu. Hamsini na nane tena.

Alimfuata Vytenis, kocha wao, gatini. "Kocha, moyo wangu umeharibika."

"Umelegea tu," alisema Vytenis huku akifunga skrubu za mtumbwi. "Ukipumzika, damu hupungua mwilini. Kila pigo linasukuma damu kidogo, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi. Daktari amekupima na hajaona kasoro. Anza polepole, mapigo yatashuka."

Lakini zilikuwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya mashindano ya Juni. Milda, mwenzake katika mtumbwi wa wawili, alikuwa akimngojea tangu Aprili. Siku ya nne Skaistė akajitosa: akapiga makasia kwa nguvu zote. Usiku hakulala vizuri.

Asubuhi Vytenis alipita mezani na daftari, akiandika mapigo ya kila mmoja. "Skaistė?"

"Hamsini na nne."

Milda akaweka kijiko kando ya bakuli la uji. "Wee! Vitanda vyetu viko bega kwa bega, na wewe unahesabu kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nimesikia sitini na moja."

Skaistė akainamisha kichwa. "Nilitaka tuwahi mashindano ya Juni. Nimekuchelewesha sana."

"Mimi nimekulalamikia?"

"Hapana."

"Basi usinidanganye. Nikikaa nyuma yako majini nataka kujua ninavuta na nani."

Vytenis hakufoka. Aliandika sitini na moja, akayakata majina yao kwenye orodha ya Juni. "Leo unapumzika. Kesho dakika arobaini majini, polepole kiasi cha kuweza kuongea njia nzima."

"Kuongea hilo analiweza," alisema Milda.

Skaistė alilia kidogo bafuni, kisha akatii. Wiki ya pili ilipoisha alihesabu mapigo hamsini na nne, safari hii ya kweli. Siku moja alipata mafua, mapigo yakapanda hadi hamsini na saba. Akapumzika bila kuambiwa. Kufikia wiki ya tano yalikuwa hamsini, na ile pumzi iliyokuwa ikimkatikia katikati ya ziwa ikarudi.

Agosti waliingia mashindanoni. Asubuhi hiyo mapigo yake yalikuwa arobaini na nane. Walimaliza wa tatu, nusu urefu wa mtumbwi nyuma ya wasichana wa mji wa Kaunas walioshika nafasi ya pili. Milda akageuza shingo kutazama ubao wa matokeo, akacheka, akamrushia Skaistė maji mgongoni.