Mia Tatu Themanini na Nne kwa Ngapi?

Walimu wenzake walimwita Madamu Desimali, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mwalimu yeyote aliyeleta alama zenye kasoro kwenye orodha ya darasa alirudishiwa karatasi yake mbele za watu, ikiwa imezungushiwa wino mwekundu, na ole wake aseme ni kosa dogo. Yeye alijiona mlinzi wa haki za watoto. Wenzake walimwona kero, lakini hakuna aliyewahi kumkuta na kosa, kwa hiyo walimeza mate na kunyamaza.

Siku ya pili baada ya shule kufungwa alikuwa peke yake ofisini, akipanga madaftari kabatini, fundi vigae alipobisha hodi. Alimfahamu kwa sura. Binti wa fundi huyo alikuwa amehamia darasani kwa mwalimu mwanzoni mwa mwaka, mtoto mpole anayekaa dirishani. Fundi alikuwa amevaa shati safi, lakini vumbi la saruji lilikuwa limegoma kutoka kwenye kucha zake. Alishika ripoti kwa mikono miwili kama kitu cha kuazima.

"Sikuja kugombana, mwalimu," alisema kabla hata hajaketi. "Imeandikwa arudie darasa. Sawa. Ila mimi shule niliiacha mapema. Nielekeze hii wastani inapatikanaje, ili nikimkanya nyumbani nijue ninachosema."

Mwalimu alifurahi. Wazazi wengi huja na sauti juu, huyu amekuja kujifunza. Akavuta karatasi.

"Tuanze na somo moja. Hisabati. Majaribio ya katikati ya muhula yana uzito wa thelathini katika mia, mtihani wa mwisho una sabini. Kwenye majaribio alipata hamsini, kwa hiyo anabeba kumi na tano. Mtihani alipata thelathini na tisa, anabeba ishirini na saba nukta tatu. Jumlisha."

"Arobaini na mbili na kitu."

"Arobaini na mbili. Ndiyo hiyo hapo kwenye ripoti. Kila somo linapikwa hivyo hivyo. Halafu unajumlisha masomo yote, unagawa kwa idadi ya masomo, unapata wastani wa muhula. Wastani wa mihula mitatu unaujumlisha, unagawa kwa tatu. Ili apande darasa anahitaji arobaini na tano kwa mwaka, na asiwe chini ya arobaini kwenye Hisabati na Kiswahili. Hayo mawili amevuka. Kilichomwangusha ni wastani: arobaini na tatu nukta tisa."

"Kwa pointi moja tu."

"Moja nukta moja," mwalimu alisahihisha. Ulimi wake ulikuwa umezoea.

Fundi akaomba kalamu. "Niruhusu nifanye mwenyewe. Mimi nikisikia tu, haikai."

Akaandika alama za muhula wa tatu kwa mstari wa kwenda chini, polepole, kila tarakimu mahali pake. Kiswahili sitini na moja, Kiingereza arobaini na nne, Hisabati arobaini na mbili, Sayansi thelathini na tisa, Jiografia arobaini na saba, Historia hamsini na mbili, Uraia arobaini na tisa, Sanaa hamsini. Jumla mia tatu themanini na nne. Akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu, akagawa, akakunja uso. Akakata, akagawa upya.

"Mimi napata arobaini na nane kamili," alisema kwa aibu. "Hapa imeandikwa arobaini na mbili nukta saba. Nimekosea wapi, mwalimu?"

Mwalimu aliinama kumwonyesha kosa lake, na hapo akaliona lake mwenyewe. Fundi alikuwa amegawa kwa nane. Yeye aligawa kwa tisa. Darasa zima lilisoma masomo tisa, isipokuwa mtoto huyu mmoja, ambaye alikotoka Kifaransa hakikufundishwa na mkuu wa shule akamsamehe somo hilo. Mihula miwili ya kwanza ilijazwa na mwalimu msaidizi wa darasa kabla hajakwenda likizo ya uzazi, naye aliigawa kwa nane kama ilivyotakiwa: arobaini na tatu, arobaini na sita. Muhula wa tatu Madamu Desimali alishika kikokotoo akagawa kwa tisa mara arobaini na saba mfululizo, mtoto mmoja baada ya mwingine, bila kuinua macho. Kichwani alikwishamaliza hesabu: arobaini na tatu, arobaini na sita, arobaini na nane. Arobaini na tano nukta saba. Mtoto alikuwa amepanda.

Kisha akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Darasa lina masomo tisa, mzazi."

"Ahaa. Hata kama yeye anasoma nane?"

"Ndivyo... ndivyo orodha ilivyo."

"Sawa. Ni utaratibu." Fundi aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote, akaandika tisa pembeni na kuipigia mstari asiisahau. "Ahsante sana, mwalimu. Umenitoa tongotongo."

Angeweza kumwacha aende. Mlango ulikuwa wazi, hakuna shahidi, na mtu mwenyewe anashukuru.

"Unajua," fundi alisema akiikunja karatasi, "hata binti yangu alipata hiyo arobaini na nane. Alinionyesha usiku ule ule wa kupewa ripoti. Nikamwambia wewe ni nani ujue kuliko mwalimu. Nikamchania karatasi. Nikamwita mvivu na mwongo, mbele ya wadogo zake."

Mwalimu akakaa.

"Mzazi, nisikilize. Hujakosea. Binti yako pia hakukosea. Anasoma masomo nane, ilipaswa nigawe kwa nane. Mtoto amefaulu. Nimekosea mimi, na sasa hivi nimekudanganya."

Fundi aliikunjua karatasi, akaikata ile tisa. Mwalimu alingoja atukanwe, na alitamani atukanwe.

"Yuko nje," fundi alisema. "Mwambie wewe. Mimi nitaanzia wapi?"

Binti aliingia, akasimama wima mbele ya meza, na kabla mwalimu hajafungua mdomo akaanza. "Mwalimu, naomba unisamehe kwa kutojitahidi masomoni."

"Ngoja, mwanangu," baba yake alisema. Lakini mtoto alikuwa ameyakariri na aliogopa yasimtoroke. "Na naomba unisamehe kwa kusema umekosea hesabu. Nitarudia darasa kwa bidii na sitabishana tena na wakubwa."

Ilimlazimu mwalimu ayasikie yote mpaka neno la mwisho.

"Hesabu yako ilikuwa sahihi," alisema. "Niligawa kwa tisa. Unapanda darasa. Nakwenda kwa mkuu sasa hivi abadilishe ripoti na kutia saini upya. Wewe ndiye wa kunisamehe mimi."

Mtoto hakuruka wala hakutabasamu. Alimtazama baba yake, na baba akainamisha macho. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Wanaorudia ulisoma majina yao mstarini," alisema taratibu. "Shule nzima ilisikia. Tukifungua, utasema na hili mstarini?"

Mwalimu alikuwa ametumaini jambo liishie humo ofisini, kati ya watu watatu na mkuu wa shule. Akilini aliwaona walimu wenzake wamejipanga nyuma yake asubuhi ya kufungua shule, wote wale aliowazungushia wino mwekundu.

"Nitasema," alijibu.

"Na kwamba niligawa mwenyewe?"

"Na kwamba uligawa mwenyewe, na ukapata."