Watu Thelathini wa Mwezi

Kifungu cha tisa nilikiandika mimi. Wenzangu wa chama, wakizungumzia mambo ya mwaka ule wa 1958, husema "tuliandika," na huo ni ukarimu wao tu. Mashine ya chapa ilikuwa mbele yangu, maneno yalitoka kichwani mwangu, na sababu ya kuyaandika niliijua peke yangu.

Nilikuwa karani wa chama cha wafanyakazi wa mashine za kupasua mbao, ofisi yetu ikiwa chumba kimoja Bondeni, Nakuru, nyuma ya duka la baba yangu mzee Alamin. Wanachama wetu walitawanyika Njoro, Molo, Elburgon, mpaka Subukia. Zamani kila mashine iligombana na tajiri wake peke yake. Hapa watu walipata shilingi mbili, pale walifukuzwa wote, na tajiri aliyeongeza mshahara alilia kwamba jirani yake anauza mbao kwa bei ya chini kwa sababu yeye hakuongeza. Ndipo wenye mashine wakaunda umoja wao, nasi tukakubaliana nao kuwa na baraza moja: watu sita wao, watu sita wetu, nami mmoja wao, na Afisa wa Kazi kama mwenyekiti asiye na kura. Kitakachokubaliwa pale kitashika kila mashine iliyo katika umoja, kubwa kwa ndogo.

Kiongozi wa upande wetu alikuwa Kiprugut, fundi wa misumeno katika mashine kubwa kuliko zote, huko juu ya Njoro. Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio mazito kidogo kwa sababu ya kelele za misumeno, na masikio yale yalimsaidia sana. Matajiri wakisema jambo asilolipenda, aliwaomba warudie, na wakirudia mara ya tatu hata wao wenyewe walianza kuliona jambo lao ni la aibu.

Tuliomba nyongeza ya shilingi ishirini kwa mwezi. Wakatoa nne. Sisi tulieleza bei ya unga, nguo na karo. Wao walieleza kwamba mijengo Nairobi imepungua na mbao zimelala uwanjani. Kila baada ya saa moja upande mmoja ulitoka nje kushauriana, kwa maana ndani ya baraza upande husema kwa mdomo mmoja. Ukitaka kumpinga mwenzako, unampingia nje. Tulikaa vikao vitatu namna hiyo, wiki tatu, tukashuka mpaka kumi na tatu nao wakapanda mpaka tisa, kisha wote tukakwama kama gari kwenye matope ya Mau Summit.

Wiki hiyo ya kukwama ndipo dada yangu Hadiya alipokuja kutoka Subukia. Mume wake, Ladan, alifanya kazi katika mashine ndogo ya Singasinga mmoja, watu kumi na tisa na injini moja iliyokohoa. Hadiya alikuwa na mimba ya miezi saba. Hakukaa hata kunywa chai.

"Hemed, Singasinga amewaambia wazi," alisema. "Nyongeza ikipita shilingi nane, anafunga. Anarudi Kisumu kwa kaka yake. Na ile nyumba tunalala ni yake."

"Matajiri wote wanasema wanafunga."

"Huyu hata mkewe ameanza kuuza kuku zake. Wewe ndio unaandika hiyo maneno huko. Utaniacha nizae kwa barabara?"

Nilimwambia aende nyumbani, kwamba mambo ya baraza si ya shemeji na dada. Nilisema vizuri sana. Kisha sikulala usingizi wa maana siku tatu, na nilikuwa na hasira na kila mtu: Singasinga, Ladan aliyemtuma mkewe badala ya kuja mwenyewe, na chama kilichonifanya nijione mtu mkubwa.

Kikao cha nne, tulipotoka nje kushauriana, nilisema, "Tawi la Subukia linaogopa. Tukiwaachia mashine ndogo mwaka mmoja wasilipe nyongeza, matajiri wakubwa watapanda, maana wadogo ndio wanaowazuia. Wao ndio wenye pesa."

Hakukuwa na tawi lililosema hivyo. Aliyesema alikuwa dada yangu. Neno hilo sikulitamka, na upande wetu uliniamini, kwa sababu barua za matawi zilipitia kwangu.

Kiprugut aliinama akanisogezea sikio. "Ndogo ni watu wangapi?"

"Thelathini."

"Na mashine ndogo zote pamoja, ni watu wangapi hawatapata?"

"Kama mia na hamsini. Wanachama wetu wote ni elfu mbili na zaidi."

"Hao mia na hamsini watatutukana," alisema. "Lakini mwaka ni mwaka. Wacha tujaribu."

Tukarudi ndani, na kweli matajiri walipanda. Shilingi kumi na moja kwa kila mfanyakazi, kuanzia mwezi wa nane, mkataba wa mwaka mmoja, na katika mwaka huo hakuna mgomo wala kufunga milango. Mashine ndogo zinasamehewa nyongeza mpaka mkataba uishe. Matawi yalipelekewa maneno hayo, yakapiga kura, yakakubali. Hata Subukia walikubali, kumi na mmoja kwa wanane, wakinung'unika. Mimi nikapewa kazi ya kuandika vifungu, na katika cha tisa nikaandika: mashine yenye watu wasiozidi thelathini walioandikwa kwa mwezi.

Kwa nini nikasema walioandikwa kwa mwezi? Kwa sababu ndivyo tulivyohesabu watu siku zote. Katika mbao kuna wa mwezi na kuna wa tikiti. Wa mwezi analipwa mwisho wa mwezi, Jumapili yake imo, ugonjwa wake una posho. Wa tikiti ana kadi ya siku thelathini. Msimamizi anaitia alama kila siku aliyofanya kazi, na mpaka ijae hapewi mshahara, hata ikichukua wiki saba. Leo yuko, kesho ameenda kulima. Daftari la chama liliandika wa mwezi tu, maana hao ndio waliokatwa ada kila mwezi. Kwangu mimi, kusema mashine ina watu hamsini ilikuwa kusema ina watu hamsini wa mwezi. Kiprugut alisomewa, akatikisa kichwa kukubali. Sote kumi na wawili tulitia sahihi, karatasi ikapelekwa kuandikishwa serikalini. Nilimwandikia Hadiya barua fupi ya kujisifu.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba, Kiprugut alikuja ofisini akiwa amevaa nguo za kazi. Alikuwa hajawahi kuja na nguo za kazi. Alikaa kwenye kiti cha mgeni na kuweka mezani kadi mpya, ya rangi ya kahawia, bila alama hata moja.

"Hii ni ya Hezekiah," alisema. "Mtu wa kusukuma magogo. Miaka sita yeye ni wa mwezi."

Mashine ile ya juu ya Njoro ilikuwa na watu hamsini na wanane wa mwezi na zaidi ya mia wa tikiti. Tajiri wake alikuwa amewapa watu thelathini na wawili ilani ya mwezi mmoja, kama sheria inavyotaka, kisha siku hiyo hiyo akawaambia wanaweza kubaki, kwa tikiti. Ilani ingeisha siku moja kabla ya nyongeza kuanza.

"Watabaki ishirini na sita," Kiprugut alisema. "Karani wa huko ametuonyesha karatasi yako. Anasema sisi ni mashine ndogo."

Nilichukua mkataba na kuusoma, ingawa niliujua kwa moyo.

Tulikwenda kwa Afisa wa Kazi. Alitusikiliza vizuri, akasema yeye hawezi kubadili neno ambalo pande mbili zimelitia sahihi. Ugomvi juu ya maana ya kifungu unarudi barazani. Baraza likaitwa. Upande wa matajiri walitoka nje kushauriana dakika kumi tu. Walikuwa na aibu, wawili wao hawakututazama, maana mwenzao angeuza mbao kwa bei ya chini kuliko wao. Lakini mdomo wao ulikuwa mmoja. Msemaji wao alisema maneno yako wazi, tena yaliandikwa na chama chenyewe, na tunaweza kuomba yabadilishwe mkataba ukiisha. Mgomo tulikuwa tumeukataza wenyewe.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwenda huko na Kiprugut. Angeweza kwenda peke yake. Nilitaka mimi niseme, na pia niliogopa atakachosema nisipokuwepo. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa magogo, kama mia na arobaini, wa mwezi na wa tikiti pamoja. Niliwasomea kifungu kwa Kiswahili. Niliwaambia hakuna nyongeza kwao mwaka huu, kwamba wakigoma sheria haitakuwa upande wao, na kwamba thelathini na wawili hawatarudi kuwa wa mwezi mpaka tukae tena na matajiri.

Hezekiah, mtu mfupi mwenye kidole kimoja kilichokatwa na msumeno, aliinua mkono.

"Mimi nauliza kitu moja. Hii maneno ya kusamehe mashine ndogo, matajiri ndio waliomba?"

Kiprugut alikuwa na haki ya kujibu, kwa maana yeye ndiye kiongozi, na najua angesema upande wote uliomba. Alinigeuzia uso na kungoja.

"Niliomba mimi," nilisema. "Niliwadanganya wenzangu kwamba ni tawi la Subukia. Ilikuwa kwa ajili ya shemeji yangu. Tajiri wake alikuwa anataka kufunga, na dada yangu alikuwa na mimba."

Kiprugut aliondoa kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nilijua hapo kwamba hatanipa tena barua za matawi nizisome, na kwamba hatamwambia mtu kwa nini.

"Na hiyo mashine ya shemeji," Hezekiah aliuliza, "haikufunga?"

"Haikufunga."

"Dada amezaa?"

"Wiki iliyopita. Msichana."

Aliinama, akaangalia kadi yake, akaitia mfukoni mwa shati.

"Basi wasalimie," alisema. "Waambie watu ya tikiti ya Njoro wamewasalimia."

Hakuwa ananikejeli. Ningependa angenikejeli. Watu wengine waliitikia salamu ile kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, kisha wakatawanyika kwenda kupika.