Neva ya Kwanza

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua ya rasharasha ikigonga vioo vya kliniki ya magonjwa ya ubongo, daktari bingwa aliyepachikwa jina la Rula alifungua kalamu yake nyekundu na kukata kichwa cha ripoti aliyoletewa.

"'Mkaguzi Aliyegeuka Kichekesho,'" alisoma kwa sauti. "Ndugu yangu, hiki ni kichwa cha ripoti au cha tamthilia?"

Daktari kijana aliyekuwa akisomea ubingwa chini yake, ambaye wauguzi walimwita Kalamu kwa vile hakuacha kuandika, alijikuna shingo. "Nilitaka msomaji avutike, daktari."

"Msomaji wetu havutwi, huonyeshwa. Taja ugonjwa, taja ulipokaa, taja dalili, kisha andika 'ripoti ya mgonjwa mmoja'. Anayetaka kucheka ana kwake pa kwenda."

Rula alilelewa na shule ya bweni, na kwake ripoti fupi ilikuwa kama kitanda cha bwenini: kila pembe na mkunjo wake. Muhtasari mbele. Utangulizi wa aya moja, usiozidi. Kisha maelezo ya mgonjwa kwa mfuatano wa tarehe, vipimo, matibabu na matokeo, na hapo maoni ya mwandishi hayana ruhusa ya kuchungulia hata dirishani. Maoni yana chumba chao, nacho ni mjadala. Mwisho kabisa huja neno la mgonjwa mwenyewe, na ridhaa yake.

"Hapa umeandika 'akawa kama mlevi'. Ulimwona akinywa?"

"La, daktari."

"Basi andika alichofanya."

Kalamu aliandika. Mgonjwa, mkaguzi wa mizani madukani, mtu ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyemsikia akifanya mzaha kazini, alianza kuwatania wenye maduka hadi kuwatukana. Alikojoa katika chungu cha maua ofisini, mchana kweupe, wenzake wakitazama, wala hakuona haya. Aliachishwa kazi.

"Sasa ndiyo ripoti," alisema Rula, na kalamu nyekundu ikateremka hadi penye tarehe. Ikakwama. "'Mwezi wa tatu wa dalili: alionwa kwingine, akatibiwa sonona.' Kwingine wapi?"

Kalamu alilifunika daftari lake kwa kiganja.

"Nimekuuliza. Kwingine hakuna mlango wala anwani."

"Faili la zamani nimelikuta stoo ya kumbukumbu, daktari." Alilitoa chini ya daftari lake, akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Rula alilifunua. Mwandiko ulikuwa umenyooka, bila doa, na ulikuwa wake mwenyewe. Katika sehemu ya habari za familia alikuwa ameandika: *Mke asema mume hasikii harufu, hata chakula kikiungua.* Mistari sita chini yake: *Neva za kichwa, ya pili hadi ya kumi na mbili: salama.* Na mwisho: *Sonona. Mke ashauriwe kuwa mvumilivu.*

Neva za kichwa, yaani mishipa ya fahamu itokayo ubongoni, ni kumi na mbili, na ya kwanza ndiyo ya harufu. Kuipima hakuhitaji mashine. Mgonjwa hufumba macho, huziba tundu moja la pua, hunusishwa kahawa, kisha hubadili tundu. Lakini mkebe wa kahawa hauko mezani, foleni ni ndefu, na hivyo madaktari wengi huanza kuhesabu kwenye mbili. Rula alifundishwa hivyo, naye akawafundisha wengine hivyo, kwa ukali uleule aliowafundishia kuchomekea shati.

Miezi kumi na moja baada ya siku ile, mkaguzi alianguka kifafa akaletwa kwa machela. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe wa sentimita sita, si wa saratani, umeota kwenye utando wa ubongo juu ya paa la pua, penye njia ya neva za harufu, ukakua polepole na kuzisukuma sehemu zote mbili za mbele za ubongo, zile zinazomshika mtu ulimi na kumpa haya. Wapasuaji waliutoa wote.

"Daktari," Kalamu alisema kwa sauti ya chini, "ripoti haitaji jina la hospitali. 'Kwingine' si uongo mkubwa."

"Una ukubwa gani?"

Ripoti ile ingesomwa na watu ambao Rula aliwafundisha, na wengine wao aliwahi kuwatoa wodini kwa kosa dogo kuliko hili. Kwa muda mrefu kalamu nyekundu haikujua pa kutua. Hatimaye alikata neno "kwingine" na kuandika juu yake, kwa mwandiko uleule ulionyooka: *katika kliniki hii hii, hisi ya harufu haikupimwa, ingawa mke aliitaja.*

"Nenda kanunue kahawa," alisema. "Mkebe mdogo. Utakaa hapa mezani."

Alhamisi mkaguzi alikuja kusoma ripoti na kutoa ridhaa, shati amelifunga hadi kifungo cha shingoni. Mkewe, ambaye tangu mwaka uliopita alikuwa akiishi kwa dada yake, aliketi kiti cha mbali naye, mkoba mapajani.

Rula alianza na mkebe. Mkaguzi alifumba macho, akavuta pumzi kwa tundu moja, kisha la pili.

"Hamna kitu," alisema. "Ni maji?"

"Ni kahawa. Tabia imerudi kwa sehemu kubwa. Harufu sidhani kama itarudi."

Mkaguzi alisoma karatasi zote, kidole kikifuata mstari kama anayesoma mshale wa mizani. Rula alimtaka aeleze kwa maneno yake ripoti inasema nini na itasomwa na nani, kwa kuwa ridhaa ya asiyeelewa si ridhaa. Akaeleza barabara.

"Huyu 'mwanamume wa miaka ya hamsini' ndiye mimi?"

"Ndiye wewe. Hata kazi yako tumeiondoa ili usijulikane."

"Wa ofisini watanijua kwa chungu cha maua."

"Tunaweza kukiondoa pia."

Alifikiri sana, siku hizi kila uamuzi ulimchukua muda, na ripoti ilisema hivyo. "Nimewatoza faini watu wengi kwa kupunguza kipimo," alisema. "Kiacheni."

Penye neno la mgonjwa aliandika mwenyewe: *Sikujua kuwa nimebadilika. Niliona watu wote wamekuwa wakali.* Kisha akatia sahihi.

Mkewe aliomba karatasi. Alipofika kwenye mstari ule wa kliniki alirudi nyuma, akausoma tena.

"Siku ile nilikwambia hasikii harufu," alisema bila kuinua sauti. "Ukaniambia nina haraka, nivumilie. Nikatoka humu nikijiona mimi ndiye mwenye kasoro. Nikavumilia, nikashindwa, nikahama. Haya, karatasi umeilipa, daktari. Mimi bado nakudai."

Kalamu alijifanya anatafuta kitu kwenye daftari. Rula alisimama, kwa maana shuleni kwao kosa halikukiriwa mtu akiwa ameketi.

"Mama, uliniletea jibu mkononi nikaliweka kando. Sikupima nilichopaswa kupima, kisha nikakutwika wewe lawama. Hukukosa uvumilivu. Mume wako hakukosa adabu. Aliyekosa ni mimi."

Mwanamke yule alimtazama, akaikunja karatasi pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Deni langu umelilipa," alisema. "Msamaha usiudai, huo hatukukopeshana."