Tatu, Siyo Moja

Mwalimu wa hesabu alikuwa hoi. Karatasi thelathini na tisa alizosahihisha zilisema kikomo cha sine ya 3x gawanya kwa x, x ikikaribia sifuri, ni moja, kama alivyowafundisha. Ya arobaini, ya mwanafunzi waliyemwita Mama Pacha, ilisema tatu. Akainua kalamu aikate, kisha akasoma: “3x naiita u, nayo inakaribia sifuri. Basi x ni u gawanya kwa tatu. Napata tatu mara sine ya u gawanya kwa u, na hiyo sine ya u gawanya kwa u inaelekea moja. Jibu ni tatu.”

“Jamani, nilipowafundisha, x ya chini sikuibadilisha!” alimwambia mwalimu mwenzake wa meza ya pili.

“Achana nayo, umechoka.”

Mwalimu wa hesabu aliirudia karatasi ya kwanza, aisahihishe upya.